Sehemu ya 6: "Nesi, irekebishe"

Wewe mama uliyenitumia meseji saa nne usiku, "Nesi, irekebishe", basi. Nirekebishe nini? Hakuna picha, hakuna jina la dawa. Nakupigia, hupatikani. Asubuhi ndiyo najua ulimaanisha dozi ya parasetamo ya maji, picha ilikwama, bando limeisha.

Najua wapo wangekujibu "mpe kijiko kimoja". Mimi sijibu hivyo, hata mkiniita mringaji. Mwanao ana kilo 8. Kwa kila kilo anapewa miligramu 10 hadi 15, kwa hiyo kwa mara moja asizidi 120. Sasa angalia chupa. Ikiandikwa 120 mg/5 ml, hizo ni mililita 5. Ikiandikwa 250 mg/5 ml, mililita 5 zilezile ni zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Hapo anatakiwa apate 2.4 tu. Rudia kosa hilo mara nne kwa siku, siku mbili tatu, unaliumiza ini la mtoto. Na dawa zote mbili ni tamu, huwezi kujua kwa kuonja!

Picha ikigoma, soma chupa uniandikie: jina, mg kwa ml ngapi, kilo za mtoto, umri, umempa kiasi gani na saa ngapi. Kama umeshamzidishia, usinisubiri mimi hata kama hatapiki na anacheza. Beba mtoto, beba na chupa, nenda hospitali usiku huohuo.