Kiashiria Bila Kizingiti ni Habari Tu

Kila ukame unapotuua, husemwa kwamba tulikosa taarifa. Nakataa. Taarifa tunazo tele. Kinachokosekana ni mtu aliyefungwa na taarifa hiyo, anayelazimika kutenda siku inapomfikia.

Tuanze na mwaka 2010. Ilipofika Agosti, FEWS NET, mtandao unaofadhiliwa na Marekani kwa ajili ya kutahadharisha kuhusu njaa, ulikuwa umekwisha kuonya kwamba La Nina ingedhoofisha mvua za mwisho wa mwaka katika Pembe ya Afrika. Mvua hizo zikakosa. Za masika ya 2011 nazo zikakosa. Serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 30 Mei 2011, na Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai. Ni baada ya tangazo hilo la pili ndipo fedha zilipoanza kumiminika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa Somalia ilipoteza watu wapatao 258,000, takriban nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hebu tuitazame fasili ya baa la njaa, maana humo ndimo ulimojificha upuuzi wetu. Ili litangazwe, pamoja na masharti mengine, lazima zaidi ya asilimia 30 ya watoto wawe na utapiamlo mkali, na watu wasiopungua wawili katika kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Hiki si kiashiria cha hatari inayokuja. Ni hesabu ya makaburi. Aliyeamua kwamba fedha zisubiri tangazo la namna hii aliamua, ajue asijue, kwamba zifike baada ya maziko.

Viashiria vya mapema vina mpangilio wake. Kwanza mvua hukosa, kisha malisho hukauka, maziwa hupungua, na safari ya kwenda kisimani hurefuka. Baadaye mbuzi mmoja hununua mahindi machache kuliko mwezi uliopita, na mwisho kabisa mkono wa mtoto hukonda. Kamati nyingi hungoja mkono huo kwa sababu hauna ubishi. Lakini kadiri ushahidi unavyokuwa wazi, ndivyo muda wa kuutumia unavyokwisha.

Hata hivyo, kuijua orodha hiyo hakutoshi. Kiashiria husema hali ilivyo. Kizingiti ni namba iliyokubaliwa wakati wa neema, ambayo ikivukwa hatua fulani hufuata bila kikao. Mfano tunao nyumbani. Katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa fedha za kujikimu uitwao HSNP uliandikisha kaya na kuzifungulia akaunti mapema, zikiwemo kaya zisizolipwa katika miezi ya kawaida. Setilaiti hupima ukijani wa uoto na kuulinganisha na rekodi ya mahali hapo katika majira yaleyale: sifuri ni hali mbaya kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, 100 ni bora kuliko zote. Wastani wa miezi mitatu ukishuka chini ya 20 katika kaunti ndogo, kaya za ziada hustahili malipo. Mfugaji hahitaji kuonekana runingani akiwa amesimama kando ya mzoga wa ng'ombe ndipo aaminiwe.

Wakosoaji husema mashine haiijui nchi, nao hawajakosea kabisa. Mathenge hubaki kijani ukame unapopamba moto, na setilaiti haitambui kuwa kijani hicho si malisho ya ng'ombe. Mahali kama hapo kipimo kinaweza kusoma unafuu ambao mfugaji hauoni. Dawa yake ni kuweka kizingiti cha pili kinachotoka kijijini, kama vile bei ya mbuzi dhidi ya mahindi, na kukubali kwamba chochote kitakachovukwa kwanza kinatosha. Kukirudisha kipimo mezani kwa waheshimiwa ili kijadiliwe upya ndiko kuurudisha mwaka 2011.

Nawajua maofisa wanaoogopa kutoa fedha kisha mvua ikanyesha. Hofu hiyo ina msingi wake: mkaguzi atauliza kwa nini ulilipa, lakini hakuna atakayekuuliza kwa nini ulichelewa. Hapo ndipo sheria inapopaswa kugeuzwa. Kila taarifa ya ukame ya kaunti ichapishe tarehe mbili, zikiwa pamoja ukurasa wa kwanza: siku kizingiti kilipovukwa na siku shilingi ya kwanza ilipoingia kwenye akaunti ya kaya. Zikipishana kwa zaidi ya siku 30, aliyepaswa kutia saini aitwe mbele ya bunge la kaunti, naye ajibu kwa jina lake.