Maneno ya Stendi ya Karatu Kuhusu Vyuo Vikuu

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumui. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Karatu, na mzazi anayenipigia huwa tayari ana jibu lake mfukoni. Amelipata stendi, akisubiri gari, kwa mtu ambaye naye alilipata stendi. Anachotaka ni mimi niseme "sawa".

Safari hii alinipigia mzee wa Mang'ola, mkulima wa vitunguu. Binti yake amesoma HGK: C ya Historia, D ya Jiografia, D ya Kiswahili. Anataka kuwa mwalimu. Kwa hesabu ya udahili C ni pointi 3 na D ni 2, kwa hiyo masomo yake mawili bora yanampa pointi 5, naye alihitaji 4. Sifa anazo. Kilichobaki ni chuo, na hapo mzee alinishushia maneno yote ya stendi kwa mfululizo. Nimeyajibu moja baada ya lingine, kama nilivyomjibu yeye.

"Mwalimu, cha serikali ni rahisi. Hapo hakuna mjadala."

Ada peke yake, ndiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekaa miaka mingi na ada ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka kwa shahada za sanaa na 1,300,000 kwa sayansi, na vyuo vingine vya umma havipishani sana na hapo. Chuo binafsi kwa ualimu huzidi kwa laki kadhaa. Nilimwambia mzee tuseme pengo ni 400,000.

Halafu nikamwuliza: binti atakula nini? Mwaka wa masomo ni semista mbili, kama siku 240 hivi. Kula na kulala kwa kujibana, tuseme shilingi 7,000 kwa siku, ni 1,680,000. Kumbe kinachokula vitunguu vya mzee si ada, ni sahani na kitanda. Na mzee ana dada yake Moshi. Binti akikaa kwa shangazi yake na kusoma chuo binafsi cha mji uleule, kama Mwenge, atamaliza mwaka kwa fedha pungufu kuliko akipanga chumba Dodoma na kusoma cha serikali, hata ukiweka nauli ya daladala na kilo za mchele za kumpelekea shangazi. Asingekuwa na ndugu Moshi, hesabu ingegeuka. Dodoma kwetu si mbali kama watu wanavyodhani: ukishuka Mto wa Mbu ukafika Makuyuni, unakata kulia kwenda Babati na Kondoa, Arusha huigusi.

Mkopo nao unaeleweka vibaya. Bodi ya Mikopo hutoa kwa wanafunzi wa vyuo vya aina zote mbili, na hutoa kwa mafungu: chakula na malazi, ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo na kadhalika. Fungu la chakula, lile wanafunzi wanaloliita bumu, lilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na aliyepewa lote halimpungukii kwa sababu chuo chake ni cha dini. Ugumu uko kwenye fungu la ada. Mtoto anaweza kupangiwa asilimia fulani tu, na kiasi hicho kisifike ada ya chuo binafsi. Pengo hilo ni la mzazi, kila mwaka, miaka mitatu. Mzazi akisikia "mtoto kapata mkopo" aulize mara moja: kapata fungu gani, na kiasi gani?

Kwa majirani zetu wa Ngorongoro kikwazo huja mapema zaidi. Mtoto aliyezaliwa bomani, mbali na hospitali, mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na maombi ya mkopo yanataka cheti kilichohakikiwa na RITA. Nimeona mtoto wa mama mjane, mwenye kila sababu ya kupata mkopo, akikwama kwa cheti chake na cha kifo cha baba yake hadi dirisha likafungwa. Vyeti hivyo vitafutwe kidato cha tano, si Agosti.

Hesabu hii ya shangazi, hata hivyo, ni ya ualimu, biashara, sheria na mfano wa hizo. Kwa udaktari haisimami. Muhimbili ada ya udaktari haifiki milioni 2 kwa mwaka, ilhali vyuo binafsi vya tiba hudai mara mbili, mara tatu na zaidi ya hapo, kwa miaka mitano. Hapo mzee wa stendi yuko sahihi, nami simbishii.

"Vyuo binafsi havitambuliki. Vitafungwa na mtoto abaki njiani."

Hofu hii ina mzizi. Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, vikiwemo vituo vya vyuo vikuu vya Kenya vilivyokuwa Arusha, na katika vyuo vingine 22 ikazuia kozi 75. Baadhi viliruhusiwa tena baada ya kurekebisha kasoro, vingine havikurudi. Watu wa huku waliokuwa na watoto Arusha hawajasahau.

Lakini tazama namba ya pili. Kozi 75 zilizuiwa ndani ya vyuo ambavyo vyenyewe havikuzuiwa. Kwa hiyo swali la "chuo kinatambulika?" ni fupi mno. Yapo matatu: chuo kina ithibati? Kozi hii imeidhinishwa? Na imeidhinishwa kufundishwa kwenye kampasi hii, au ile ya makao makuu tu? Majibu ya mengi yako kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho TCU hukitoa kila mwaka na kukiweka kwenye tovuti yake. Humo kozi imeandikwa kwa jina lake kamili, chuo chake, muda wake na sifa za kuingilia. Kozi usiyoiona humo usiilipie hata fomu, hata kama bango lake barabarani ni zuri namna gani. Na mwongozo uwe wa mwaka huu, si ule aliokuachia kaka.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Wapo wazazi wanaokataa Chuo cha Uhasibu Arusha au Chuo cha Wanyamapori Mweka kwa kuwa jina halina "Chuo Kikuu". Vyote viwili ni vya serikali, vinatoa shahada zinazotambulika, na Mweka ipo tangu 1963. Kwa mtoto wa Karatu anayetaka kazi ya hifadhi, kuiacha Mweka kwa sababu ya neno "kikuu" ni hasara ya bure.

"Binafsi madarasa ni madogo, mwalimu anamjua mtoto kwa jina."

Mara nyingine. Wingi wa wanafunzi hufuata kozi kuliko mwenye chuo. Ualimu wa sanaa hujaza ukumbi popote unapofundishwa, cha serikali au cha kanisa. Fizikia au jiolojia ya chuo cha serikali inaweza kuwa na watu wachache kuliko darasa langu la kidato cha pili.

Na darasa dogo lina sura mbili. Linaweza kuwa dogo kwa sababu chuo kinachagua, au kwa sababu kozi inakufa. Utazitambua kwa kumwuliza mwanafunzi wa mwaka wa pili, si ofisi ya udahili: semina zenu mna wangapi? Walimu wenu ni wa hapa, au huja Ijumaa na Jumamosi kutoka chuo kingine? Ulipokwenda mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikuja kukukagua mara ngapi? Hilo la mwisho nalijua kwa macho. Tumepokea hapa shuleni wanachuo ambao mkaguzi alikuja mara moja, akaketi nyuma ya darasa dakika ishirini, akaondoka. Mwanachuo wa namna hiyo amesoma kwenye darasa la watu mia au la watu thelathini, mbele ya ubao tofauti huioni.

"Mwajiri akiona cha serikali anaita kwanza."

Mwajiri yupi? Kwa binti wa mzee, mwajiri mkubwa ni serikali yenyewe. Zamani mwalimu alimaliza chuo akasubiri kupangiwa shule. Sasa anaomba kwa Sekretarieti ya Ajira na kufanya usaili, na waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Anayefanya mtihani wa usaili anaulizwa somo lake, haulizwi ada alilipa wapi. Kinachompa nafuu ni somo lenyewe: mwalimu wa Fizikia au Hisabati anatafutwa, mwalimu wa Historia na Jiografia anapanga foleni ndefu. Hapa nilimwambia mzee jambo ambalo hakulipenda: binti yake akichagua Historia na Kiswahili, chuo chochote kile, ajiandae kusubiri miaka, au kuanza shule binafsi kwa mshahara mdogo.

Kwa sheria ushahidi ni mkali zaidi. Anayetaka uwakili lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ametoka chuo chochote. Matokeo ya Oktoba 2022 yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wote 633 walikuwa na shahada mkononi. Aliyejificha nyuma ya jina la chuo chake hakupata pa kujificha.

Na kwetu huku, kwenye hoteli na kampuni za utalii za njia ya Ngorongoro, nimeona watu wakiajiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, kwa kujua ndege na nyayo, kwa leseni ya kuongoza watalii, na kwa kuendesha gari kwenye tope la masika bila kukwama. Shahada ya utalii bila lugha ya tatu wameipokea kwa adabu na kuiweka pembeni.

Mzee aliniuliza basi nini nampa. Nikamwambia kozi kwanza, halafu mahali pa kulala, halafu chuo, na umiliki uwe wa mwisho. Binti aliomba ualimu wa Jiografia na Kiswahili Dodoma na Moshi. Amechaguliwa kote kuwili. Aliyechaguliwa vyuo viwili hutumiwa msimbo kwenye simu wa kuthibitisha kimoja kabla ya tarehe ya mwisho. Asipothibitisha, nafasi inapotea yenyewe. Namba aliyojaza kwenye maombi ilikuwa ya kaka yake, na kaka yuko na wageni ndani ya kreta, ambako mtandao ni wa bahati. Mzee ameacha magunia yake kwenye mizani, yuko stendi anasubiri gari la kampuni anayofanyia kijana huyo lirudi.