Namba Kabla ya Fedha: Kununua Simu Iliyotumika kutoka Mbali

Anayeishi Mamboya na kutaka simu janja ya bei nafuu ana njia mbili. Aweza kusafiri hadi Kilosa mjini au Morogoro akachague dukani kwa mikono yake, ama aweza kuagiza mtandaoni kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam, naye muuzaji akaikabidhi simu kwenye basi la Dodoma, ikashushwa Dumila. Njia hii ya pili ina wepesi wake, lakini mnunuzi hutoa fedha kwa kitu asichokishika wala kukiona. Kwa hiyo wiki hii tunaeleza ukaguzi unaopaswa kufanyika, na hasa mpangilio wake, kwa sababu ukaguzi unaofanywa baada ya kulipa hauna faida.

Tuchukue mfano. Familia moja imeona tangazo la Samsung Galaxy A12 iliyotumika, kwa shilingi 180,000. Picha ni nzuri, na muuzaji anajibu haraka. Jambo la kwanza la kumwomba ni namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI. Namba hii ina tarakimu 15, na kila simu halali ina yake. Muuzaji abonyeze *#06# kama anayepiga simu, namba itokee kwenye kioo, kisha aipige picha ikiwa bado kwenye kioo, pembeni yake pakiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Karatasi hiyo ina sababu yake: matapeli wengi hutumia picha zilizochukuliwa kwenye matangazo ya watu wengine, na mtu asiye na simu mkononi hawezi kupiga picha ya namna hiyo.

Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Chukua ya kwanza, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Huu ni utaratibu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uliozoeleka mwaka 2016 wakati simu bandia zilipozimwa nchini mwezi Juni. Jibu hutaja kampuni iliyotengeneza simu na aina yake. Katika mfano wetu, jibu likitaja Samsung na aina ile ile iliyotangazwa, twaweza kuendelea. Likitaja kampuni nyingine, au likisema namba haitambuliki, mazungumzo na muuzaji huyo yamekwisha.

Hata hivyo, ujumbe huo una mipaka yake. Unaeleza kwamba namba ni halali, lakini hauthibitishi kwamba simu si ya wizi. Simu iliyoibwa hufungiwa mtandaoni pale mwenyewe anapotoa taarifa polisi na kwa kampuni yake ya simu. Asipotoa, simu hiyo huendelea kufanya kazi kama kawaida, hata siku itakapofungiwa ikiwa mkononi mwako. Vilevile wapo mafundi wanaonakili namba ya simu halali na kuiingiza kwenye simu nyingine, jambo ambalo ni kosa la jinai. Ndiyo maana namba ya kwenye kioo yapasa kulinganishwa na ile iliyo kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya maelezo ya kifaa, na ile iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, usinunue. Boksi peke yake si ushahidi, kwani maboksi matupu nayo huuzwa.

Namba ikiwa safi, sasa yahitajika mtu wa kuishika simu. Familia yetu ina kijana wa shangazi anayeishi Temeke. Yeye akutane na muuzaji mchana, mahali penye watu, na amtake aje na simu iliyojazwa chaji kamili. Aiweke juu ya meza kwanza. Ikicheza-cheza kama kigae kisicholala vizuri, au kioo kikiwa kimeanza kuachana na fremu, huenda betri imevimba, na betri iliyovimba ni hatari ya moto. Kisha aongeze mwanga wa kioo na kuchezesha video kwa nusu saa. Betri ya simu ya aina hii ikiwa nzima hupungua kwa asilimia chache tu katika muda huo. Ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi, au ikiruka ghafla kutoka 60 hadi 45, betri hiyo imechakaa. Simu yaweza kununuliwa bado, lakini gharama ya betri mpya na fundi itolewe kwenye bei. Muuzaji akisema betri ni nzima ilhali anajua kuwa sivyo, ameficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi katika sheria yetu ana haki ya kuirudisha. Lakini haki hiyo ni ngumu kuidai kwa mtu usiyemjua anakoishi.

Baada ya betri, muuzaji mwenyewe aondoe akaunti yake ya Google, kisha aifute simu yote mbele ya kijana. Simu ikiwaka upya, iunganishwe na mtandao. Ikidai barua pepe au nywila ya mtu wa awali, imefungwa, na asiyeijua nywila hiyo hawezi kuitumia. Aangalie pia kama kuna programu ya kampuni ya mikopo isiyokubali kuondolewa. Simu nyingi siku hizi hukopeshwa kwa malipo ya kila siku au kila wiki, na mkopaji asipomaliza deni, kampuni huifunga ikiwa mbali. Kuifuta hakuondoi kifungo hicho. Muuzaji aonyeshe uthibitisho kwamba deni limelipwa lote.

Hapo ndipo tunapofika kwa muuzaji mwenyewe. Tazama ukurasa wake: umekuwapo kwa muda gani, na wanunuzi wa zamani wameandika nini? Ukurasa wa wiki mbili wenye sifa nyingi zinazofanana maneno haupaswi kuaminiwa. Anza kuingiza malipo kwa simu, lakini usithibitishe kwanza: kabla ya namba ya siri, mtandao huonyesha jina la aliyesajili laini. Jina hilo likitofautiana na jina alilojitambulisha, simama uulize. Na akisema laini yake ina tatizo, hivyo fedha itumwe kwenye namba nyingine, hiyo ni kauli ya matapeli ambayo Watanzania wameizoea mno.

Yote yakikamilika, iandikwe karatasi fupi ya mauziano: majina ya pande mbili, namba ya kitambulisho cha taifa cha muuzaji, IMEI, bei, tarehe, na saini za wote pamoja na shahidi mmoja. Kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria, na siku polisi watakapoifuatilia namba ile hadi Mamboya, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba simu ilinunuliwa kwa uwazi, na kutoka kwa nani. Fedha itolewe baada ya saini, si kabla.

Na familia isiyo na ndugu Dar es Salaam ifanyeje? Ikiwa muuzaji anataka fedha yote kabla ya basi kuondoka, na hakuna mtu wa kuikagua simu, ushauri wetu ni kuacha. Nauli ya kwenda na kurudi Morogoro ni ndogo kuliko shilingi 180,000, na huko simu itashikwa mkononi kabla ya fedha kutoka mfukoni.