Mambo ya Nyumbani: Rimoti Isiyotii



Juma lililopita niliitwa jioni katika nyumba ya jirani hapa Kasumbalesa, si mbali na barabara ya malori yaendayo Zambia. Baba alikuwa amekasirika, na mwanawe wa miaka kumi alisimama pembeni akilia. Rimoti ya televisheni, ambayo sisi wa Katanga twaiita telekomande, ilikuwa haitii tena tangu Jumamosi. Na kwa kuwa mtoto alikuwa ameiangusha juma lilo hilo, hukumu ilikwisha kukatwa. Mama akaniambia, “Karibu, Mwalimu. Baba ataka kununua nyingine, na mtoto aadhibiwe.” Nikaomba kwanza niichunguze.

Nilianza na betri. Rimoti hiyo hutumia mbili ndogo, kila moja ya volti 1.5. Zimepangwa moja nyuma ya nyingine kwa njia ya umeme, hata zikatoa volti 3. Moja ikigeuzwa vibaya, hakuna kitu. Upande wa kutoa kwa kawaida huelekea springi. Nikatazama pia kama springi zina unga mweupe au wa kijani, maana betri iliyovuja huzuia umeme, na unga huo hukwanguliwa kwa kijiti kikavu, si kwa kidole. Springi zilikuwa safi. Lakini Baba alikuwa amebadilisha betri moja tu. Hilo si jema: iliyochoka huivuta chini ile mpya, nayo yenyewe huweza kuvuja. Tukatia mpya zote mbili. Rimoti haikutii.

Ndipo nikachukua simu. Rimoti ya aina hii husema na televisheni kwa mwanga ambao jicho letu halioni, uitwao infraredi, yaani mwanga ulio ng'ambo ya wekundu. Aliyeugundua mwaka 1800 ni mnajimu William Herschel, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliogawanywa, akaona kinapanda mahali pasipoonekana rangi yo yote. Jicho letu halioni mwanga huo, bali kamera ya simu mara nyingi huuona.

Tahadhari moja: kamera ya nyuma ya simu nyingi ina kioo kinachozuia mwanga huo, hivyo yafaa kutumia ile ya upande wa uso. Tena ijaribuni kwanza kwa rimoti nyingine iliyo nzima. Pasipo hivyo mtadhani rimoti imekufa, kumbe kamera ndiyo isiyoona. Tukaazima ya jirani, tukafunga pazia, nikabonyeza kitufe mbele ya kamera: nukta nyeupe yenye uzambarau ikametameta. Kisha nikashika ile iliyoshitakiwa. Nayo ikametameta vivyo hivyo, kwa kila kitufe nilichobonyeza.

Basi, msemaji alikuwa akisema. Yafaa kumwuliza msikilizaji. Nikauliza, “Mama, Jumamosi mlifanya nini hapa?” Akajibu, “Nilifua vitambaa, Mwalimu, nikavirudisha.” Ukingo wa kitambaa kizito kilichofumwa ulikuwa ukining'inia juu ya kidirisha cheusi kilicho chini ya televisheni. Hapo ndipo penye jicho lipokealo mwanga. Mama akakumbuka kwamba mtu akikaribia hatua mbili rimoti ilitii mara moja moja. Dalili hiyo yaweza kuwa ya betri dhaifu, lakini betri zilikuwa mpya. Basi ni mwanga uliopungua njiani. Nikainua kitambaa, nikabonyeza nikiwa mlangoni. Televisheni ikawaka.

Jueni lakini mpaka wa jaribio hili. Kamera huonyesha kwamba mwanga watoka. Haionyeshi kama maneno ni ya televisheni yenu. Rimoti ya televisheni nyingine nayo humetameta, wala haitii. Tena rimoti za siku hizi, hasa zenye kitufe cha kusemea, huagiza kwa redio ya Bluetooth. Katika nyingi za hizo kitufe cha kuwashia tu hutumia infraredi. Mkiona televisheni yawaka lakini vitufe vingine vimenyamaza, na betri ni nzima, huenda kufahamiana kwao kumepotea. Zimeni televisheni, chomoeni waya wa umeme kwa dakika moja, kisha washeni na kuileta rimoti karibu. Isipopatikana, fungueni mipangilio ya televisheni mkatafute mahali pa kuongeza rimoti. Vitufe viwili vya kushikilia pamoja hutofautiana kwa kila aina, navyo huandikwa katika kitabu chake au kwenye kioo.

Nilipokuwa nikiaga, Baba alimwita mwanawe, akamkalisha kando yake, akamkabidhi rimoti mkononi. “Nisamehe, mwanangu,” akasema. “Chagua wewe leo.”

Mwalimu wenu