Salamu za Idi zisigeuzwe chambo cha biashara



Imekuwa ada sasa, kila inapokaribia Idi, wenye maduka madogo na mafundi wetu kuwatumia wateja video fupi ya salamu kwa simu. Jambo hili ni jema. Lakini tumeona salamu nyingi zikianza na bei na kuishia na bei, na Idi ikatajwa katikati kama pambo. Sisi tunasema kwamba salamu ni salamu, na tangazo ni tangazo. Mwenye kuvichanganya hupoteza vyote viwili.

Tuchukue mfano wa fundi mmoja wa kanzu, jirani yetu. Video yake ya kwanza ilikuwa ya dakika mbili, naye aliituma usiku wa ishirini na tisa ya Ramadhani akisema, "Kesho ni Idi." Mwezi haukuandama, na kesho yake watu walifunga. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye akaitoa video ile ile kwa Idil-Haji, akiwa amebadili maandishi tu. Mdomo wake ukaendelea kuwapongeza watu kwa kumaliza saumu. Wateja walicheka, naye akaona haya.

Kosa lake halikuwa kutumia kazi moja mara mbili, kwani mwenye duka dogo hana wasaa wa kurekodi upya kila sikukuu. Kosa lilikuwa kuifunga sikukuu ndani ya kila picha, hata isiweze kutolewa. Tulikaa naye tukaigawa video katika sehemu tatu, jumla sekunde ishirini na tano.

Sehemu ya kwanza ni sekunde tano: fundi anasimama akielekea dirishani ili mwanga umwangukie usoni, simu ikiwa wima, anatoa salamu na kuitaja sikukuu. Hii ndiyo sehemu pekee inayorekodiwa upya. Sehemu ya pili ni sekunde kumi na tano: mikono ikikata kitambaa, cherehani ikienda, wasaidizi wakitabasamu mlangoni. Humo hakuna anayezungumza, hakuna pambo la sikukuu, hakuna bei. Ya tatu ni sekunde tano za neno la shukrani na jina la duka.

Ipo njia nyepesi ya kuipima sehemu ya kati. Mwonyeshe mtu sehemu hiyo peke yake, umuulize ni ya sikukuu gani. Akiweza kukujibu, umeifunga, irekodi tena. Kisha itazame video nzima bila sauti, maana wengi hutazama hivyo. Isipoeleweka nani anasalimu na kwa sababu gani, ongeza maneno machache juu ya picha, yakae muda wa kutosha mtu kuyasoma mara mbili polepole.

Kwa mpango huo fundi wetu alihitaji sekunde tano mpya tu kwa kila siku. Katika Idil-Fitri aliwaombea wateja kukubaliwa saumu zao, na katika Idil-Haji akawakumbuka mahujaji na wenye kuchinja. Kwa Sabasaba alisema "Sikukuu njema" akawashukuru wateja wake wote, wa dini zote. Kubadili jina la sikukuu peke yake hakutoshi; dua lazima ilingane na siku yenyewe.

Ama tarehe, tunashauri isitajwe kabisa katika salamu za Idi, wala neno "leo" au "kesho". Sote tunajua kwamba katika nchi yetu wapo wanaofuata mwandamo wa hapa na wapo wanaofuata wa kwingineko, na mteja mmoja huweza kusali Idi siku moja kabla ya mwenzake. Salamu isiyo na tarehe huwafaa wote wawili. Tena isubiri mwezi utangazwe ndipo itumwe.

Yapo pia maduka yanayobandika aya ya Qur'ani nyuma ya picha za vitambaa na viatu. Tunaona si adabu, kwani video hiyo itafutwa baada ya siku mbili ili simu ipate nafasi. Dua fupi itokayo kinywani mwa mwenye duka inatosha.

Mwisho, Sura An-Nisaa, aya ya 86, inatufundisha kuyajibu maamkizi kwa yaliyo bora zaidi au mfano wake. Basi wateja watakujibu, na wengine watakuombea dua. Fundi wetu aliwatumia watu mia mbili kwa mkupuo, na majibu mengi yakabaki bila kufunguliwa. Mmoja wao alikuwa mama aliyemwandikia kwamba mumewe, mteja wa miaka mingi, amefariki katika Ramadhani. Fundi alilisoma jibu hilo baada ya wiki nzima. Tangu hapo huwatumia watu ishirini ishirini, na hawaendei wengine mpaka awajibu wale wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.