Hatari kubwa inakuja baada ya kuacha

Kijana akikaa wiki tatu bila tramadoli au heroini, familia inafurahi. Anarudishiwa funguo ya chumba chake, anatumwa tena sokoni, na mama anawaambia majirani kwamba mtoto amepona. Ninaielewa furaha hiyo. Lakini ni katika siku hizo hizo ambapo kipimo alichokuwa anameza kila siku bila kuanguka kinaweza kumuua. Na karibu hakuna mtu anayemwambia.

Mwaka 2003, watafiti wa London walichapisha habari za wagonjwa 137 waliokuwa wamelazwa ili waachishwe heroini na dawa za jamii yake. Wagonjwa 37 walimaliza matibabu yote wakatoka wakiwa safi kabisa. Wengine 43 hawakumaliza kuachishwa, wakarudi nyumbani wakiwa bado wamezoea dawa. Katika miezi minne iliyofuata, watatu walikufa kwa kuzidisha dawa. Wote watatu walitoka katika kundi la wale 37 waliomaliza vizuri. Hesabu hiyo ni ndogo, lakini hata tafiti kubwa za wafungwa walioachiliwa zimeonyesha jambo hilo hilo: wiki mbili za kwanza nje ya gereza ndizo zenye vifo vingi zaidi.

Kwa nini aliyefaulu ndiye anayekufa? Jibu liko ndani ya mwili wake.

Heroini, morfini na tramadoli zinafanya kazi kwa kushika vipokezi fulani kwenye ubongo. Vipokezi hivyo vinapunguza maumivu na kuleta raha. Lakini vinapatikana pia chini ya ubongo, mahali panapotoa amri ya kupumua. Dawa ikizidi hapo, amri inapungua nguvu. Mtu anasahau kupumua, akiwa amelala.

Mtu akitumia kila siku, ubongo unajitetea. Unapunguza nguvu za vipokezi vyake, vingine unavivuta ndani ya seli, na unaongeza msukumo wa upande wa pili ili mwili usizimike. Hayo ndiyo tunayaita mazoea ya mwili. Hospitalini, mgonjwa ambaye hajazoea anaweza kutulizwa maumivu na miligramu 10 za morfini, wakati mgonjwa wa kansa aliyeitumia kwa miezi mingi anaweza kupewa mamia ya miligramu kwa siku na bado akaongea na wageni wake. Mazoea ni kama ngao: dawa inasukuma chini, mwili unasukuma juu.

Sasa ondoa dawa ghafla. Ule msukumo wa mwili unabaki peke yake, hauna kitu cha kupambana nacho. Ndiyo maana kijana anatetemeka, anaharisha, anatoka jasho baridi, mifupa inamuuma na halali usiku. Kwa mtu wa heroini, mateso hayo yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha yanapungua katika muda wa wiki moja hivi. Familia inapoona anakula na kulala tena, inasema ameshinda. Ni kweli. Lakini mateso yameisha kwa sababu mwili umeacha kusukuma. Siku anapoanza kulala vizuri, ngao yake tayari imeanguka sana.

Vituo vinavyotoa metadoni vinajua jambo hili vizuri. Metadoni ni dawa ya kunywa inayosaidia watu kuachana na heroini. Kwa majirani zetu wa Tanzania, hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiitoa tangu 2011. Chukua mgonjwa aliyefikishwa polepole hadi miligramu 80 kwa siku. Akikosa kuja siku tano, katika vituo vingi muuguzi hampi tena zile 80. Anamrudisha kwenye 20 au 30, kama mtu mpya. Siku tano tu zinatosha kumfanya muuguzi aogope kipimo cha juma lililopita.

Kijana wetu hana muuguzi wa kumpunguzia. Na kuna kitu kimoja ambacho hakikupungua pamoja na ngao: kumbukumbu. Mkono wake unakumbuka idadi ya vidonge. Moyo wake unakumbuka raha ya zamani. Akikutana na rafiki wa zamani jioni moja, hataanza na kidogo, atachukua kile alichozoea. Kama ameongeza pombe au dawa za usingizi, ambazo nazo zinapunguza kupumua, hatari inazidi.

Ndiyo maana nasema njia yetu ya kuachisha ina shimo mwishoni. Tunamfungia mtoto ndani ya nyumba, au tunampeleka kwenye chumba cha maombi, au polisi wanamtupa gerezani kwa miezi kadhaa. Kila moja inaweza kumtenga na dawa, lakini hakuna inayobakiza ngao. Kisha mlango unafunguliwa na anatoka bila neno lolote. Bujumbura heroini imeingia miaka mingi sasa, na kutoka huko hadi Uvira ni safari fupi. Tramadoli haihitaji hata kuvuka mpaka, iko kwenye farmasi zetu wenyewe. Hatuwezi kusema ni habari za Wazungu.

Nimeambiwa kwamba kumweleza mtoto mambo haya ni kumfundisha kurudia. Sikubali. Tamaa ya kurudia haikuletwa na maneno, ilikuwamo tangu zamani. Tunachoweza kumwongezea ni ukweli, na ukweli wenyewe unaingia katika sentensi moja: «Mwili wako sasa ni wa mtu ambaye hajawahi kutumia, kipimo chako cha zamani kitakuua.» Mlinzi wa gereza aiseme mlangoni. Mchungaji aiseme pamoja na baraka. Baba aiseme mezani, bila matusi, kwa sababu mtoto anayeogopa matusi atakwenda kutumia peke yake, chumba kimefungwa, na huko hakuna wa kumwamsha.

Nyumbani wajue pia dalili. Mtu analala usingizi usio wa kawaida, anakoroma kama ana maji kooni, pumzi zinakuja mbalimbali, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano, midomo na kucha zimegeuka rangi ya majivu. Msugue kwa nguvu katikati ya kifua. Asipoamka, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano, huku mwingine akitafuta pikipiki au gari la kumfikisha hospitalini. Kwa tramadoli anaweza pia kupata degedege.

Hospitalini dawa yake inaitwa nalokisoni. Inaondoa heroini kwenye vipokezi katika dakika chache, ingawa kwa tramadoli haifuti kila kitu. Lakini nguvu yake inaweza kuisha baada ya nusu saa au saa moja, wakati dawa aliyotumia bado imo mwilini. Kwa hiyo aliyeamka asirudishwe nyumbani palepale. Kila kituo cha afya kilicho karibu na gereza kingepaswa kuwa nayo, na kila mfungwa aliyewahi kutumia dawa hizi angepaswa kutoka akijua ilipo.

Kuacha kunabaki jambo jema. Lakini kwa wiki zile za kwanza, mtoto aliyeacha asikae peke yake.