Samli Yenye Chenga Haikuharibika

Akina mama wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu mnaopika samli nyumbani, leo tuzungumze juu ya jambo linaloleta ubishi mnadani. Mama anafika na ndoo yake ya samli. Mnunuzi anafungua kifuniko, anachota kwa kidole, anaona chenga kama za mchele uliovunjika, kisha anasema: "Mayu, hii umetia unga," au, "Hii ni ya zamani." Basi bei inashuka papo hapo. Mama ananyamaza, maana yeye mwenyewe hajui chenga hizo zimetoka wapi. Jana ilikuwa laini, leo imekuwa hivi.

Yafaa kujua ya kwamba chenga huletwa na namna samli ilivyopoa. Harufu na rangi ya kahawia huletwa na moto. Mambo hayo ni mawili mbalimbali, na anayeyachanganya humhukumu mpishi bila haki.

Tuanze na chenga. Mafuta ya maziwa si ya aina moja. Ndani yake yamo mafuta magumu, yanayoganda hata kukiwa na joto la digrii 30 na zaidi, tena yamo mafuta mepesi, yanayobaki majimaji mpaka baridi iwe kali. Samli ikipoa upesi, yote hushikana kwa pamoja, wala hakuna yanayopata nafasi ya kujitenga, kwa hiyo samli huwa laini. Lakini ikipoa polepole, yale magumu hutangulia kuganda. Hukusanyika kidogo kidogo, yakawa punje, na punje zikakua, huku mafuta mepesi yakizizunguka. Hizo ndizo chenga.

Sasa tazameni hali ya kwetu Simiyu. Mchana jua huchoma, na nyumba ya bati huwa kama tanuri. Usiku, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, baridi huingia. Samli iliyo katika ndoo kubwa huyeyuka nusu mchana, kisha hupoa taratibu usiku kucha. Hakuna njia nzuri kuliko hiyo ya kufanya chenga, ijapokuwa hakuna aliyekusudia. Ndiyo maana ndoo ya lita 20 huwa na chenga nyingi, na kikopo kidogo cha samli ile ile huwa laini: ndoo kubwa hukaa na joto lake kwa saa nyingi.

Mtu akibisha, mjaribuni hivi. Chukua chenga chache, ziweke kiganjani, uzisugue kwa kidole. Ikiwa ni mafuta, zitayeyuka kwa joto la mwili wako, wala hakitabaki kitu. Ikiwa ni unga au mashapo ya maziwa, utahisi kitu kinakwaruza ambacho hakiyeyuki. Ukitaka hakika zaidi, yeyusha samli katika kikombe cha kioo, uiache itulie. Samli safi itakuwa angavu mpaka chini. Ikiwa kuna kitu kimezama, kichote, ukichemshe katika maji kidogo, na maji yakipoa utie tone la iodini ya kutilia vidonda. Yakigeuka kuwa ya buluu au meusi, hapo kuna unga. Lakini jueni mpaka wa jaribio hili: mtu aliyechanganya samli na mafuta ya mimea hatakamatwa kwa njia hii.

Anayetaka samli laini aiyeyushe yote mpaka isibaki hata chenga moja, maana zikibaki chache, nyingine zitakusanyika juu yake. Kisha aimimine katika vyombo vidogo, avitie ndani ya beseni la maji ya baridi, na kukoroga mpaka iwe nzito na kupauka. Hata hivyo, jua la mchana likiiyeyusha nusu tena, chenga zitarudi. Si kosa la mtu.

Tuje kwenye moto. Tuseme mama ana siagi kilo 1, iliyosukwa kibuyuni kutoka katika maziwa yaliyoganda. Ndani ya siagi hiyo hamna mafuta tu. Mna maji, na mna masalio ya maziwa, yaani protini na sukari kidogo ya maziwa. Akiiweka katika sufuria juu ya moto mdogo, kwanza itatoa povu jeupe na kulia kwa kishindo. Kilio hicho ni maji yanayotoka. Maji yakiwamo bado, joto haliwezi kupanda sana kupita lile la maji yanayochemka, na masalio hubaki meupe. Anayeepua hapo atapata samli iliyopauka, isiyo na harufu, tena yenye maji ndani yake, itachacha upesi.

Baada ya nusu saa hivi, kutegemea moto, kilio hunyamaza. Hapo mama asiondoke jikoni, wala asiitwe na mtu. Maji yamekwisha, na joto linaanza kupanda. Likikaribia digrii 120, protini na sukari ya maziwa huungana na kugeuka rangi, kama vile mkate unavyogeuka rangi unapookwa. Masalio yaliyozama huwa manjano, kisha ya dhahabu, kisha ya kahawia, na harufu kama ya karanga za kukaanga huinuka. Harufu hiyo na rangi huingia katika mafuta. Tena masalio yakikaangwa vizuri hutoa vitu vinavyosaidia samli isichache mapema.

Akoroge kwa mwiko mpaka chini, naye atazame mashapo, si povu. Yakifikia rangi ya ganda la karanga iliyokaangwa, aepue mara moja na kuchuja kwa kitambaa kikavu. Asingoje, kwa sababu sufuria ina joto lake na huendelea kupika nje ya moto. Yakifika kuwa meusi, samli huwa chungu, na hakuna dawa ya kuondoa uchungu huo. Katika kilo ile ya siagi, atapata samli yapata robo tatu ya kilo. Iliyopungua ni maji na mashapo.

Jambo moja zaidi laongoza ladha: kuosha siagi. Anayeiosha kwa maji mara nyingi huondoa masalio, na hivyo kitu cha kukaangwa huwa kidogo. Samli yake itakuwa nyeupe zaidi na yenye harufu kidogo, hata akiipika sana. Asiyeiosha kabisa atapata harufu nyingi, lakini mashapo yatakuwa mengi na yataungua kwa urahisi. Kuosha mara moja au mbili hutosha.

Wala msidhani kila umanjano ni wa moto. Wakati wa mvua ng'ombe hula majani mabichi, na rangi ya manjano ya majani hayo hupita katika maziwa mpaka katika mafuta. Wakati wa kiangazi, wakila mabua makavu, samli hupauka, hata kama mpishi ni yule yule na moto ni ule ule. Manjano ya malisho hayana harufu ya karanga.

Basi, mnunuzi akileta ubishi mnadani, usigombane naye. Mpe chenga kiganjani mwake azisugue mwenyewe, kisha mpe ndoo ainuse. Chenga zitamwonyesha jinsi samli ilivyopoa, na pua itamwambia kama ulijua kuepua.